Niliomba dari itengenezwe, wakaipaka rangi

Barua yangu ya kwanza kwa mwenye nyumba ilikuwa na mistari mitatu. Nilimweleza kuwa dari ya chumba cha kulala imeharibika, ina doa kubwa la maji, na namwomba aitengeneze. Mzee hakuchelewa. Wiki haijaisha akaja kijana na ndoo ya rangi nyeupe, akapanda juu ya stuli, akapaka penye doa mara mbili, akaosha brashi yake na kwenda zake. Dari ikawa imetengenezwa. Sikuwa na la kulalamika, maana ndicho nilichoomba.

Siku kumi baadaye doa likaanza kuchungulia tena, kwanza kama kivuli cha manjano, kisha ule ukingo wa kahawia ukajichora upya palepale ulipokuwa. Mvua zilikuwa zimekwisha na jua lilikuwa kali. Nikakaa kuandika barua ya pili nikiwa na hasira: paa linavuja hata kiangazi, wewe unanipakia rangi, mwezi ujao nitakata kodi. Bahati nzuri niliisoma kwanza kwa jirani yangu, mzee wa makamo aliyefanya kazi ya kuezeka karibu maisha yake yote. Alicheka hadi akavua miwani.

"Nani kakwambia linavuja?" aliniuliza.

"Doa limerudi."

"Doa halijarudi. Halikuwa limeondoka."

Akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea miezi. Ile kahawia inayobaki darini ni uchafu uliobebwa na maji: rangi iliyochujwa kutoka kwenye mbao, vumbi la darini, wakati mwingine kutu. Maji yakishakauka uchafu huo hubaki ndani ya bodi. Ukija ukapaka rangi ya maji juu yake, unyevu wa ile rangi mbichi unauyeyusha tena na kuupandisha juu, kwa hiyo rangi inapokauka doa nalo linatokeza. Kulizuia kunahitaji rangi ya msingi ya mafuta, ile ya kuzibia madoa, na bodi iwe imekauka kabisa kwanza. Kwa hiyo doa langu lililorudi halikuthibitisha kuwa panavuja, wala halikuthibitisha kuwa hapavuji. Lilithibitisha tu kuwa kijana alipaka rangi ya kawaida.

Hapo nikaona shimo nililokuwa karibu kutumbukia. Ningepeleka ile barua ya hasira, mzee angekuja mchana wa jua, angegusa dari, angeikuta kavu, na tangu siku hiyo kila neno langu lingekuwa la mpangaji mkorofi asiyetaka kulipa kodi. Doa linasema jambo moja tu, kwamba wakati fulani maji yalipita hapa. Halisemi lini, wala yalitoka wapi. Hayo mawili ilinibidi niyatafute mwenyewe kabla sijashika kalamu tena.

Jirani alinipa penseli. Akaniambia nizungushe mstari mwembamba kufuata ukingo wa doa, niandike tarehe pembeni yake, halafu nisubiri. Mstari ukivukwa wakati hakuna mvua, maji yanatoka ndani ya nyumba: bomba au tangi. Ukivukwa baada ya mvua tu, ni paa. Usipovukwa kabisa, huenda tatizo ni la zamani na limeshazibwa na mtu usiyemjua. Alinipa na onyo moja ambalo nimeona watu wengi hawalijui. Ukingo wa kahawia haujichori wakati bodi imelowa. Hujichora inapokauka, kwa sababu maji husogea kwenda pembeni na kuuacha uchafu pale yanapoishia. Ukichora mstari mvua ikiwa bado inanyesha utachora mahali pasipo penyewe. Ngoja siku mbili.

Nilipolitazama doa kwa utulivu niliona kitu ambacho nilikuwa nimelala chini yake miezi mingi bila kukiona. Halikuwa doa moja. Lilikuwa na pete tatu, moja ndani ya nyingine, kama za gogo lililokatwa. Maana yake ni kuwa bodi ililowa na kukauka si chini ya mara tatu. Hilo peke yake liliniondolea dhana ya unyevu wa chumba chenyewe, yaani mvuke wa pumzi na wa bafuni unaogusa dari baridi na kugeuka maji. Unyevu wa namna hiyo huleta madoadoa meusi ya kuvu yaliyosambaa kwenye pembe zisizopata hewa. Hauachi pete za kahawia zenye ukingo mkali.

Kuhusu bomba, sikutaka kubahatisha, kwa sababu bomba la kwenda bafuni kweli linapita juu ya chumba changu. Nilisubiri tangi lijae, jioni nikafunga kila bomba, nikaandika tarakimu zote za mita ya maji pamoja na zile ndogo za mwisho, nikaenda kulala bila kugusa maji. Asubuhi zilikuwa zilezile. Nikarudia usiku mwingine, matokeo yakawa hayohayo. Ukijaribu hivi wakati tangi bado linajaa, mita itazunguka na utamshuku bomba bure.

Wiki sita mstari wangu haukuguswa. Nilianza kujihisi mjinga, mtu mzima anayepanda stuli kila Jumapili kuangalia penseli darini. Kisha ikanyesha mvua moja ya kupotea, ya saa moja hivi, katikati ya kiangazi. Siku mbili baadaye nikapanda, nikakuta ukingo mpya umeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili, upande wa ukutani tu. Sijawahi kufurahia uharibifu kiasi kile. Nikapiga picha nikiwa nimeweka tepu ya kupimia pembeni, nikachora mstari wa pili, nikaandika tarehe. Jioni hiyo ndipo nilipoandika barua.

Niliandika hivi:

"Mzee, shikamoo.

Yah: Ombi la kukagua paa juu ya chumba cha kulala kabla ya mvua

Nakuandikia kuhusu doa la maji kwenye dari ya chumba cha kulala, lile lililopakwa rangi baada ya barua yangu ya kwanza. Asante kwa kulishughulikia haraka. Doa limetokeza tena juu ya rangi.

Doa liko kwenye maungio ya bodi mbili, sentimita 70 kutoka ukuta wa nyuma. Lina urefu wa sentimita 45 na upana wa 30. Nililichora mstari kwa penseli na kuweka tarehe. Kwa wiki sita bila mvua halikuongezeka. Baada ya mvua ya saa moja liliongezeka sentimita 3 upande wa ukutani. Nilipima mita ya maji usiku mara mbili mabomba yote yakiwa yamefungwa, na haikusogea. Picha nne nimeambatanisha, mbili za kabla ya mvua na mbili za baada yake.

Sijui maji yanaingilia wapi, na huenda si juu ya doa moja kwa moja. Kwa hiyo naomba utume fundi wa paa apande darini na juu ya paa, aangalie sehemu ya juu ya doa na sehemu yote inayopanda kutoka hapo hadi ukuta wa nyuma. Naomba dari yenyewe isipakwe wala kubadilishwa hadi chanzo kijulikane.

Taa ya chumba iko sentimita 60 kutoka kwenye doa. Nimeacha kuitumia na nimezima swichi yake kwenye boksi la umeme. Naomba nayo ikaguliwe.

Ningeomba ukaguzi ufanyike katika wiki mbili zijazo, wakati paa bado ni kavu na matengenezo yanaweza kukauka kabla mvua hazijaanza. Nipo nyumbani Jumamosi na Jumapili siku nzima, na siku nyingine kuanzia saa kumi na moja jioni. Nitahamisha kitanda na kuweka ngazi tayari.

Tafadhali nijulishe siku utakayoona inafaa. Nakala ya barua hii nimebaki nayo.

Wako, mpangaji wa chumba cha nyuma."

Haikuwa barua nzuri kwa maana ya ufundi wa lugha. Lakini kila sentensi niliipigania, na zile nilizozifuta zilinisumbua zaidi ya zilizobaki. Nilifuta ya kodi kwanza. Mkataba wangu unasema paa na kuta za nje ni juu ya mwenye nyumba, na mimi wajibu wangu ni kutoa taarifa mapema nikiona uharibifu. Hausemi popote kuwa naweza kukata kodi. Ningetishia, ningempa mzee jambo la kubishania ambalo halihusiani na maji, na kwenye jambo hilo mkataba ungekuwa upande wake.

Halafu nilifuta "paa limetoboka". Nilikuwa na hakika nalo, lakini hakika yangu haikuwa na macho. Mpangaji anapotaja ugonjwa, fundi huja kutafuta ugonjwa huo tu. Asipouona anaondoka na kusema hakuna kitu. Nikabakiza nilichokipima na kuacha jina la tatizo litolewe na atakayepanda juu. Sentensi ya "huenda si juu ya doa moja kwa moja" niliipata kwa jirani. Alisisitiza niiweke hata kama nitafuta nyingine zote.

Na neno lililobadilika kuliko yote ni lile la mwanzo. Barua ya kwanza iliomba kutengenezewa dari. Hii iliomba kukaguliwa paa, na ikaomba dari iachwe.

Nilimpelekea mkononi, kisha nikamtumia picha kwenye simu ili zibaki na tarehe. Alisoma amesimama mlangoni. Alipofika kwenye penseli alinitazama juu ya karatasi, akaendelea. "Jumamosi," alisema.

Jumamosi alikuja na fundi wa makamo, mwenye haraka. Fundi akapanda juu ya paa, akatembea hadi alipokadiria kuwa ni juu ya doa, akagonga mabati, akakagua misumari na mipira yake, akashuka. "Bati zima. Misumari mizima. Hapa hapavuji." Mzee akanigeukia. Nilihisi ile barua ya mistari mitatu inanirudia usoni. Lakini mzee alikuwa ameshika barua ya pili mkononi, na yeye ndiye aliyesema, "Hapa ameandika hadi ukuta wa nyuma. Panda darini."

Kuna tundu la kupandia darini kwenye korido. Fundi aliingia na tochi, na baada ya dakika chache akaniita nichungulie. Juu ya doa, kwenye papi, yaani ubao unaobeba bati, kulikuwa na mchirizi mweusi unaong'aa kidogo kama njia ya konokono. Akaufuata kwa mwanga wa tochi. Ulipanda na mteremko wa paa, ukaingia kwenye kenchi, yaani mbao kubwa zinazobeba papi, ukapanda nayo karibu mita mbili, ukaishia pale paa linapokutana na ukuta wa nyuma ambao umepanda juu kuliko mabati. Maji yalikuwa yanaingia kule, yanashuka yameng'ang'ania mbao, yanafika kwenye kifundo cha papi na kuanguka hapo, juu ya maungio ya bodi mbili. Bodi zangu zilikuwa kituo cha mwisho tu.

Fundi sasa alikuwa mtu mwingine, haraka yake imekwisha. Hata hivyo hakutaka kuamini mchirizi peke yake, kwani mchirizi nao unaweza kuwa wa zamani. Akaomba mpira wa kumwagilia. Mimi nikabaki darini na tochi, yeye akapanda juu. Alianza chini, karibu na mwisho wa paa, akaacha maji yatiririke robo saa mahali pamoja. Kavu. Akapanda kwenye maungio ya bati na bati, robo saa nyingine. Kavu. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuanza kule juu alikoshuku, akasema maji ya juu yanateremka na kulowesha kila kitu chini yake. Ukianza juu na tone likadondoka hutajua limepita wapi. Alipofika kwenye ukuta, dakika ya nane hivi, niliona tone la kwanza likitokeza kwenye pembe ya kenchi, likateleza taratibu kwenye mchirizi uleule. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

Chanzo kilikuwa kipande cha bati kilichokunjwa ili kuziba nafasi kati ya paa na ukuta. Waliojenga walikilaza ukutani na kupaka saruji kwenye ukingo wake wa juu. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, saruji haiwezi kuufuata mwendo huo, hivyo ilikuwa imepasuka na kuachia nafasi ambayo ningeweza kuingiza ukucha. Maji yanayoteremka ukutani yaliingia nyuma ya bati badala ya kupita juu yake. Ndiyo maana mvua ya upepo wa kawaida ilitosha, na ndiyo maana mabati yote yalikuwa mazima.

Mzee akapendekeza papakwe lami hapo juu, yaishe. Nadhani ni kawaida ya wenye nyumba, na kwa haki yake, lami ingezuia maji msimu mmoja au miwili. Fundi akakataa, akamwonyesha kwa kidole: chochote kinachopakwa juu ya ufa unaotembea nacho kitapasuka. Alichofanya siku iliyofuata kilikuwa kukata mfereji mwembamba ndani ya ukuta, kina cha sentimita mbili na nusu hivi, akakunja ukingo wa bati jipya na kuuingiza humo, akaubana, halafu ndipo akaziba mfereji kwa gundi ya paa inayovutika. Sasa maji ya ukutani yakishuka yanakutana na bati linalotoka ndani ya ukuta wenyewe. Hayana nyuma ya kupitia. Gundi hiyo haishiki mahali palipolowa, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri kuliko nilivyoandika kwa nini wiki mbili zile zilikuwa muhimu. Mvua zikianza, kila fundi ana kazi, paa linateleza, na ukuta haukauki hadi msimu uishe.

Taa ilifunguliwa. Ndani ya boksi lake hapakuwa na maji, ila skrubu moja ilikuwa na kutu, ikabadilishwa. Bodi za dari fundi alizibonyeza kwa dole gumba moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa ngumu, nyingine ilibonyea kidogo penye ukingo, kama mkate uliolala. Akasema hiyo itakuja kubadilishwa.

"Basi tubadilishe leo, na tupake," akasema mzee.

Nikamwomba asifanye hivyo. Alinitazama kwa muda. Mpangaji aliyemwandikia dari itengenezwe sasa anamkataza kuigusa. Nikamwambia majaribio ya mpira ni mazuri lakini maji ya mpira hayana upepo, mvua ya kweli inaweza kusukumwa mahali ambapo mpira haukufika, na kama dari itapakwa leo hatutaiona habari hiyo hadi iwe imeharibika tena. Nikachora mstari wa tatu kuzunguka doa, mbele yake, na nikaandika tarehe. Safari hii aliomba penseli na kuweka sahihi yake ndogo pembeni, sijui kwa utani au kwa dhati.

Mvua zikaanza. Ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Nikasubiri siku mbili, nikapanda stuli, mstari uko palepale. Ya pili ilikuja na upepo wa kutoka nyuma, ule niliokuwa nauogopa. Nikachungulia darini na tochi asubuhi yake: kenchi kavu, papi kavu, mchirizi umefifia na kuwa kama vumbi. Nikampigia mzee kumweleza. Baada ya ya tatu ni yeye aliyepiga, saa moja asubuhi, hata salamu hakuimaliza vizuri.

"Mstari?"

"Haujavukwa, Mzee."

"Basi sasa naruhusiwa kupaka dari yangu?"

Nikamwambia anaruhusiwa, ila ile bodi moja aibadilishe kwanza, na asisahau rangi ya msingi ya mafuta.